Kazi ya uwandani imegongana na sikukuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu barua pepe ya kumwomba msimamizi muda zaidi

Maswali haya ni ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliomo uwandani au wanaojiandaa kwenda. Ili majibu yasielee hewani, nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni wa kubuni, ila tarehe zake ni za kalenda halisi ya 2026.

Mwanafunzi wa uzamili anatafiti watu wanaowalea wazee wao nyumbani. Anahitaji mahojiano 24, 12 ya walezi wanawake na 12 ya walezi wanaume. Alipanga kuanza tarehe 2 Februari na kumaliza 13 Machi, mahojiano manne kila wiki, kisha akabidhi Sura ya Nne tarehe 30 Machi. Ramadhani ikaanza 18 au 19 Februari, kutegemea mwezi ulivyoandama. Kufikia Ijumaa ya tarehe 6 Machi alitakiwa awe na mahojiano 20. Anayo 15.

## Sikukuu ni siku mbili tu. Nitaombaje wiki nne bila kuonekana natafuta mapumziko?

Hili ndilo swali atakalojiuliza msimamizi wako, hata asipolitamka. Mjibu kabla hajauliza. Kosa ninaloliona zaidi katika barua hizi ni mwanafunzi kutaja sikukuu na kutaja tarehe mpya, kisha kuacha pengo katikati. Msomaji analijaza mwenyewe, na kwa kawaida halijazi kwa wema.

Kinachokula muda ni mambo yanayoizunguka sikukuu. Turudi kwa mwanafunzi wetu. Kumi la mwisho la Ramadhani linaanza karibu na tarehe 10 Machi. Baadhi ya walezi wanashinda msikitini, wengine wanakesha, na waliobaki wanaandaa Idi. Wamemwambia waziwazi: njoo baada ya Idi. Idi el-Fitri ni tarehe 20 au 21 Machi, lakini hakuna anayekaa kwenye mahojiano siku ya pili yake, kwa sababu watu wanatembeleana na wengine wamesafiri. Siku ya kwanza anayoweza kurudi kwa uhakika ni Jumatano ya tarehe 25 Machi.

Kuanzia hapo ni hesabu tu. Mahojiano tisa yaliyobaki, hata akifanya mawili kwa siku, yanataka siku tano. Anajipa saba, 25 Machi hadi 2 Aprili, maana siku zote kuna anayeahirisha. Kila mahojiano ni dakika 75, kwa hiyo jumla ni zaidi kidogo ya saa 11 za sauti. Kunukuu saa moja ya sauti huchukua kama saa tano kwa mtu mzoefu wa wastani, hivyo ana saa 56 za unukuzi mbele yake. Akinukuu saa tatu kila siku ya mahojiano atakuwa amepunguza 21. Zinabaki 35, yaani siku sita za kazi. Tarehe 3 Aprili ni Ijumaa Kuu na tarehe 6 ni Jumatatu ya Pasaka, kwa hiyo siku hizo sita zinaanza 7 na kwisha 14 Aprili. Anabakiwa na siku nane za kazi za kuweka misimbo kwenye mahojiano mapya na kukamilisha sura. Anakabidhi Jumatatu ya tarehe 27 Aprili.

Ndiyo wiki nne hizo. Barua yenyewe haihitaji hesabu yote hii, lakini uwe umeifanya. Tarehe iliyopatikana kwa hesabu hutetewa kwa sentensi mbili. Iliyobuniwa haitetewi hata kwa kurasa mbili.

## Sikukuu ni yangu au ya watafitiwa? Je, inabadilisha barua?

Inaibadilisha sana, na wengi huchanganya hizi mbili.

Ikiwa ni yako, unachoomba ni siku ambazo hutafanya kazi. Zitaje tu. Huhitaji kueleza imani yako, kuthibitisha unaifuata kwa kiwango gani, wala kumfundisha msimamizi historia ya sikukuu hiyo. Sentensi moja inatosha: "Kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani nitakuwa kwenye ibada za sikukuu na sitakuwa uwandani." Vyuo vingi vina utaratibu wa maandishi kuhusu siku za ibada, utafute kwenye kitabu cha mwongozo wa masomo kabla hujaandika, kwani yawezekana unaomba kitu ambacho tayari ni haki yako. Ila siku hizo huwa chache. Ukiomba wiki nne kwa sikukuu yako ya siku mbili, hapo msimamizi ana sababu ya kushangaa.

Ikiwa ni ya watafitiwa, suala ni la takwimu zako. Watu hawapatikani, au wanapatikana lakini unachokusanya si kile ulichokusudia kukusanya. Barua ya namna hii ni hoja ya mbinu za utafiti, na iandikwe hivyo, bila kuomba huruma.

Ikiwa ni ya kwenu nyote wawili, sema zote mbili, kila moja kwa sentensi yake. Usijifiche nyuma ya watafitiwa.

## Kama watafitiwa wachache bado wanakubali kuongea, kwa nini nisiendelee tu?

Kwa sababu kukubali kuongea si sawa na kukupa ulichokwenda kutafuta. Jambo hili lina uzito kuliko la idadi, na wanafunzi wengi hulisahau kabisa kwenye barua zao.

Swali la kwanza kwenye mwongozo wa mahojiano wa mwanafunzi wetu ni: "Nieleze siku yako ya kawaida ya kumhudumia mzee, tangu mnapoamka hadi mnapolala." Aliwauliza walezi tisa kabla ya Ramadhani na sita ndani yake. Wale sita walimweleza kuamka kwa ajili ya daku, usingizi wa mchana, dawa zilizosogezwa usiku kwa wazee wanaofunga, na ndugu wanaokuja jioni kusaidia ambao miezi mingine hawaonekani. Yote ni kweli, lakini si siku ya kawaida. Tena mahojiano ya kabla yalichukua dakika 75 kwa wastani, na haya sita yamechukua kama dakika 45. Anayehojiwa alasiri amefunga hujibu kwa adabu na kwa ufupi.

Kama utafiti wako unahusu ulaji, usingizi, matumizi ya fedha, mauzo, safari au mgawanyo wa kazi za nyumbani, msimu wa sikukuu unagusa moyo wa kile unachopima. Kama unahusu jambo lisiloyumba kwa msimu, kwa mfano historia ya umiliki wa ardhi katika ukoo, hoja hii haikuhusu. Baki na hoja ya upatikanaji peke yake, maana msimamizi ataona ukiinyoosha kupita kiasi.

Utajuaje kama takwimu zimeguswa? Linganisha ulichokusanya kabla na ndani ya msimu: urefu wa rekodi, idadi ya waliokatisha, maswali yaliyorukwa, na ni mara ngapi neno "mwezi huu" au "kwa sasa" linajitokeza kwenye majibu. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na inakupa sentensi moja yenye nguvu ya kuweka kwenye barua.

## Niandike lini?

Mara unapojua kwamba ratiba haitatimia. Usingoje hadi ishindikane kabisa. Mwanafunzi wetu alijua tarehe 6 Machi alipohesabu 15 badala ya 20, na anaandika Jumatatu ya tarehe 9, wiki tatu kamili kabla ya tarehe ya kukabidhi. Wiki tatu zinampa msimamizi nafasi ya kupanga upya usomaji wake. Barua inayofika tarehe 28 Machi haimwachii uamuzi wowote. Inamjulisha tu kwamba kesho kutwa hatapokea kitu.

## Msimamizi akisema sikukuu ilikuwa kwenye kalenda tangu mwanzo?

Atakuwa amesema kweli. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kalenda ya kawaida kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na 2026 ikaanza katikati ya Februari. Mwanafunzi anayenakili ratiba ya aliyemtangulia hunaswa hapo. Pasaka nayo huhama, kati ya 22 Machi na 25 Aprili kwa makanisa ya Magharibi, huku Waorthodoksi mara nyingi wakiwa na tarehe yao. Mwaka 2025 zote mbili ziliangukia 20 Aprili, na 2026 ni 5 na 12 Aprili. Anayehoji jamii yenye waumini wa pande zote mbili ana sikukuu mbili mwaka mmoja na moja mwaka mwingine.

Kwa hiyo usijifanye umeshtukizwa. Sema ulichokuwa umekipanga na kilichojitokeza tofauti. Mwanafunzi wetu alijua Ramadhani itaingia katikati ya kazi, akapanga kuhoji alasiri. Wiki mbili zimeonyesha kwamba mpango huo unatoa mahojiano mafupi na machache. Hiyo ni taarifa ya kiutafiti, na msimamizi yeyote aliyewahi kwenda uwandani anaielewa. Kama hukupanga lolote, sema "ratiba yangu haikuacha nafasi ya kutosha kwa kipindi hiki" na usonge mbele. Sentensi moja. Aya nzima ya kujilaumu humlazimisha msomaji akufariji badala ya kukujibu.

Tarehe ya Idi ina utata wa siku moja, kwa hiyo andika "20 au 21 Machi". Idi el-Fitri huthibitishwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, tofauti na Idi el-Adha, ambayo hujulikana takriban siku kumi kabla kwa kuwa huhesabiwa tangu mwezi wa Dhul-Hija ulipoandama. Ratiba mpya isianze siku inayoweza kugeuka Idi.

## Je, ni tarehe ipi hasa ninayoomba isogezwe?

Jiulize hili kabla ya kuandika neno lolote, kwa sababu zipo tarehe ambazo msimamizi ana uwezo nazo na zipo ambazo hana.

Rasimu ya sura ni makubaliano kati yenu wawili, na yeye anaweza kuisogeza kwa neno moja. Tarehe ya kukabidhi tasnifu kwenye kurugenzi ya masomo ya uzamili ina fomu yake na ngazi zake. Msimamizi anaweza kuunga mkono tu. Ripoti ya mfadhili ni mkataba. Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti nacho kina tarehe ya mwisho, mara nyingi mwaka mmoja tangu kilipotolewa, na hicho ndicho husahaulika. Mwanafunzi anaongezewa muda kwa furaha, anarudi uwandani, kumbe kibali kimeisha wiki iliyopita. Mahojiano yaliyofanywa bila kibali hai yanaweza kukataliwa yote.

Kwa hiyo fungua barua ya kibali, soma tarehe, kisha uandike kwenye barua pepe kwamba umeiangalia. Kama kinaisha kabla ya siku mpya za kazi, ombi la kukihuisha linaanza sasa, sambamba na hili. Kama unasogeza siku tu bila kubadili maswali, idadi wala aina ya watafitiwa, kamati nyingi hutaka kuarifiwa tu, lakini fuata masharti yaliyoandikwa kwenye kibali chako.

## Barua yenyewe iweje?

Fupi. Msimamizi aweze kuisoma kwenye simu akiwa amesimama, na aweze kuijibu kwa "sawa". Ombi liwe kwenye sentensi ya kwanza baada ya salamu, sababu zifuate, na mwisho kile atakachopata wakati anasubiri.

Kichwa cha barua kibebe tarehe zote mbili. "Ombi" peke yake halimwambii kitu, na "Samahani Profesa" ni mbaya zaidi.

> Kichwa: Ombi la kusogeza Sura ya Nne kutoka 30 Machi hadi 27 Aprili 2026
>
> Shikamoo Profesa,
>
> Naomba kusogeza tarehe ya kukabidhi rasimu ya Sura ya Nne kutoka Jumatatu 30 Machi hadi Jumatatu 27 Aprili.
>
> Hadi Ijumaa iliyopita nimekamilisha mahojiano 15 kati ya 24. Yaliyobaki ni tisa, na manane kati ya hayo ni ya walezi wanaume. Nilipanga kuendelea kuhoji alasiri ndani ya Ramadhani, lakini mahojiano sita niliyofanya kipindi hiki yamekuwa ya dakika 45 kwa wastani badala ya 75, na majibu kuhusu "siku ya kawaida" yanaeleza ratiba ya mfungo. Wote tisa wameomba tuonane baada ya Idi, ambayo itakuwa 20 au 21 Machi.
>
> Nimepanga kuwahoji kati ya 25 Machi na 2 Aprili, kumaliza unukuzi 14 Aprili, na kukamilisha sura kufikia 24 Aprili. Ratiba ya ukurasa mmoja nimeiambatisha.
>
> Katika kipindi hiki cha kusubiri nitamaliza kunukuu na kuweka misimbo kwenye mahojiano 15 yaliyopo. Tarehe 30 Machi nitakutumia orodha ya misimbo pamoja na kurasa chache za matokeo ya walezi wanawake, ili upate cha kusoma.
>
> Kibali cha maadili kinaendelea hadi Oktoba, na tarehe ya kukabidhi tasnifu haiguswi. Kama tarehe 27 haiendani na ratiba yako ya kusoma, naomba unielekeze iliyo bora.
>
> Wako mtiifu,
> [Jina, namba ya usajili, programu]

Tazama jinsi barua hii isivyoomba radhi hata mara moja, na bado ina heshima. Salamu inafanya kazi yake, "naomba" inafanya yake, na sentensi ya mwisho inamwachia mkubwa nafasi ya kuamua. Kama mmezoea salamu nyingine, tumia hiyo. Kubadili ghafla namna mnavyosalimiana siku unapoomba jambo hugunduliwa upesi.

## Kwa nini kutaja kwamba wanane ni wanaume?

Kwa sababu msimamizi mwepesi wa kukata shauri atauliza: "Si 15 yanatosha?" Ni swali halali. Katika utafiti wa mahojiano kuna wakati majibu mapya hayaleti jambo jipya, na hapo kusimama ni sawa. Lakini mwanafunzi wetu ana wanawake 11 na wanaume wanne. Utafiti wake unalinganisha makundi mawili, na moja bado ni tupu karibu. Kusema ameshiba takwimu kwa sababu kalenda imembana itakuwa kujidanganya, na mtahini wa nje ataona kwenye jedwali la kwanza kabisa.

Kama kwako waliobaki wametawanyika kwenye makundi yote na mahojiano ya mwisho yalikuwa marudio matupu, basi fikiria upya. Huenda huhitaji muda zaidi. Unahitaji ruhusa ya kuishia hapo, na hiyo ni barua nyingine.

## Nikiambiwa nihoji kwa simu, au nitafute watafitiwa wasiosherehekea?

Uwe na jibu tayari, lakini usiliweke kwenye barua ya kwanza isipokuwa unajua msimamizi wako atauliza.

Simu inasaidia tatizo la safari. Haisaidii tatizo la mtu aliyefunga, aliyekesha, au ambaye siku zake za mwezi huo si za kawaida. Pia kama kibali na fomu ya ridhaa vinataja mahojiano ya ana kwa ana, kuhamia kwenye simu ni badiliko la mbinu linalohitaji kupita kwenye kamati, na hilo lenyewe laweza kula wiki ambazo ulitaka kuziokoa.

Kubadilisha watafitiwa ni kubaya zaidi. Ukiwaacha Waislamu wanane na kuwaweka wasio Waislamu wanane ili ratiba iende, kundi la wanawake litakuwa na mchanganyiko mmoja wa imani na la wanaume mwingine. Tofauti yoyote utakayoipata baadaye hutajua ni ya jinsia au ya dini.

## Niambatishe nini?

Ratiba ya ukurasa mmoja yenye safu mbili, ya zamani na mpya. Basi. Usiambatishe picha za skrini za ujumbe wa watafitiwa wakiomba kuahirisha, hata kama unadhani ni ushahidi. Zina namba zao, majina yao, pengine na habari za nyumba zao, na uliwaahidi usiri kwenye fomu ya ridhaa. Hata ndani ya barua, andika "mlezi mmoja" au namba yake ya utambulisho kwenye utafiti.

## Nina wasimamizi wawili. Nimwandikie nani?

Mkuu, na nakala kwa wa pili, barua moja ileile. Ukiwaandikia barua mbili tofauti utapata tarehe mbili tofauti.

## Hajajibu. Ukimya ni kukubali?

Hapana. Ngoja siku tatu nne za kazi, kisha ujibu barua yako mwenyewe ili ya kwanza ibaki chini yake, kwa sentensi mbili: unakumbusha ombi na unataja tarehe unayohitaji jibu. Angalia pia kama yeye mwenyewe yuko kwenye sikukuu hiyo au nyingine. Ukumbusho unaotua asubuhi ya Idi au Ijumaa Kuu hauharakishi chochote.

Ikiwa tarehe 30 Machi imefika na bado kimya, tuma ulichoahidi kutuma siku hiyo. Orodha ya misimbo na kurasa chache za matokeo zitaonyesha kazi inaendelea, na mara nyingi kiambatisho ndicho humwamsha msomaji aliyeiacha barua ikae.

## Amenikubalia kwa mdomo tulipokutana. Inatosha?

Andika siku hiyohiyo: "Asante kwa mazungumzo ya leo. Kama tulivyokubaliana, nitakabidhi Sura ya Nne tarehe 27 Aprili." Wasimamizi husafiri na kustaafu, na wengine huwa na wanafunzi wengi kiasi cha kusahau walichomwahidi nani kwenye ngazi za jengo.

## Amenipa wiki mbili tu. Nifanyeje?

Wiki mbili ni hadi tarehe 13 Aprili. Usikubali kwa haraka kisha ushindwe mara ya pili, kwa sababu ombi la pili husomwa kwa jicho lingine kabisa. Rudi kwenye hesabu uone ni nini kinaweza kutimia. Kwa mwanafunzi wetu, kufikia 13 Aprili mahojiano yote yatakuwa yamefanyika, unukuzi utakuwa unaishia, na nusu ya sura inayohusu walezi wanawake inaweza kuwa imekamilika. Anaweza kujibu kwamba tarehe 13 atakabidhi nusu hiyo, na nusu ya walezi wanaume pamoja na ulinganisho zitafuata tarehe 27. Msimamizi anapata cha kusoma kwa tarehe aliyoitaka, na kazi haijakatwa mahali pabaya.

Wakati mwingine hizo wiki mbili hazitokani na ukali. Huenda anasafiri mwisho wa Aprili, au kikao cha idara kinakaa na anataka sura iwe mkononi. Muulize tarehe yake inabanwa na nini. Wanafunzi huogopa swali hili bila sababu.

## Haya yote yaingie kwenye tasnifu?

Yaingie, kwenye sura ya mbinu, kwa aya moja. Taja kwamba ukusanyaji ulianza 2 Februari, ukasimama kuanzia 9 hadi 24 Machi kwa sababu ya kumi la mwisho la Ramadhani na Idi, na ukamalizika 2 Aprili. Taja kwamba mahojiano sita kati ya 24 yalifanyika ndani ya mfungo na yalikuwa mafupi kuliko mengine. Kwenye faili za unukuzi weka alama kwa hayo sita tangu leo, kabla hujasahau ni yapi, ili unapochambua swali la siku ya kawaida uweze kuyasoma peke yake.

Kuhusu kuwarudia walezi hao sita baada ya Idi kwa swali hilo moja, liulize kwa msimamizi baada ya kupata jibu la ombi la kwanza. Ni dakika kumi na tano kwa kila mmoja na zinaweza kuingia kwenye zile siku saba, lakini angalia kwanza kama fomu ya ridhaa waliyosaini inaruhusu kurudiwa.